TV inageuka kioo kila jioni, na Brightness 85 haisaidii kitu

*Kaka habari za kazi. Niko Tabata, nna TV ya LED inchi 55 ipo ukutani, dirisha kubwa la alminiamu liko upande wa pili linaangalia magharibi. Mechi za jioni naona pazia na sura yangu kuliko mpira wenyewe. Nimeweka modi ya Vivid, Brightness 85, Contrast 100, picha ikawa kama imemwagiwa maziwa, na usiku macho yanauma. Kuna setingi ya kuweka au TV ndo mbovu ninunue nyingine?*

TV yako nzima ndugu yangu, hela yako iweke kwanza. Kilichotokea ni kwamba umeongeza kitu ambacho sio mwanga ukidhani ni mwanga, na lawama wanazo waliopanga majina ya menyu. Kwenye TV nyingi hiyo Brightness haina uhusiano wowote na ukali wa taa, kazi yake ni kupandisha weusi, yaani sehemu ya picha iliyotakiwa iwe nyeusi tii inanyanyuliwa inakuwa kijivu, halafu weupe unabaki palepale ulipokuwa. Hayo ndo maziwa unayoyaona. Paneli ya LED yenyewe haitoi mwanga, mwanga unatoka kwenye stripu za taa zilizopangwa nyuma, paneli kazi yake ni kufungua na kuziba tu mwanga upite mwingi au kidogo. Sasa hizo taa za nyuma zina setingi yao ya peke yake, mara nyingi inaitwa Backlight, na mimi naweka dau kwamba yako hujaigusa.

Nasema mara nyingi kwa sababu majina yamevurugika sana siku hizi. Kwenye Sony, Brightness ndo taa za nyuma, na ule weusi unaitwa Black level. Samsung za kuanzia mwaka 2020 hivi nazo Brightness ndo taa, halafu sehemu za giza zina setingi yao inaitwa Shadow Detail, wakati Samsung za nyuma ya hapo Backlight na Brightness zilikuwa vitu viwili tofauti. LG mpya utakuta Panel Brightness, LG za zamani utakuta Backlight. Kwa hiyo usinifuate kwa jina, fuata kwa macho. Weka picha nyeupe tupu, hata video ya skrini nyeupe ya YouTube inatosha, halafu shusha hiyo setingi mpaka sifuri. Weupe ukififia kabisa kama mtu kapunguza taa ya chumba, hiyo ndo taa ya nyuma. Weupe ukikaa vilevile au ukitikisika kidogo tu, lakini filamu yenye mistari myeusi juu na chini ikabadilika, mistari ikawa ya kijivu ukipandisha na vivuli vikamezwa ukishusha, hiyo ni ya weusi na inatakiwa irudi ilipotoka kiwandani, ambapo kwa TV nyingi ni 50. Kwako, kwa maelezo ya hayo maziwa, nna uhakika ulikamata ya pili.

Sasa kabla hujakimbilia kupandisha taa mpaka mwisho, nikueleze sebule yako inaifanyia nini hiyo picha, manake bila kulielewa hili utahangaika na rimoti mpaka mechi iishe.

Weusi kwenye TV wakati wa mchana hautengenezwi na TV, unatengenezwa na chumba. Angalia TV ikiwa imezimwa saa 10 jioni, ile rangi unayoiona, kijivu fulani hivi, ndo weusi mkubwa kuliko wote utakaoupata ukiiwasha. TV haina uwezo wa kuonyesha kitu cheusi zaidi ya ilivyo ikiwa imezimwa, haijalishi umelipa shilingi ngapi. Mwanga wa dirishani unapiga skrini, sehemu ndogo inarudi machoni kwako, na hiyo inajumlishwa juu ya kila kitu kilichopo kwenye picha.

Nilikuwa kwa mteja Kimara, sebule inafanana na yako karibu kila kitu, na nilipima. Hata wewe unaweza, simu yoyote ya Android yenye sensa ya mwanga unaweka apu ya kupima laksi, yaani mwanga unaopiga skrini ni mwingi kiasi gani, unaiegemeza simu katikati ya skrini, uso wake ukiangalia sebuleni. Pale saa 10 na nusu, dirisha lina pazia la shia nyeupe tu, ilisoma laksi 900. Skrini ya kawaida ya LED chukulia inarudisha asilimia 2 ya huo mwanga kwa kuutawanya, hesabu yake iko hivi:

```
900 x 0.02 / 3.14 = 5.7
```

Hiyo 5.7, tuseme 6, ni niti, kipimo cha mwanga unaotoka kwenye skrini kuja jichoni. Kwa hiyo weusi wake ulikuwa niti 6. TV yake ni ya bei ya kawaida, taa zikiwa mwisho kabisa inatoa kama niti 300 kwenye weupe, lakini yeye alikuwa nazo 60 kwa hiyo tuseme niti 180. Gawa 180 kwa 6, weupe unaushinda weusi mara 30 tu. TV hiyohiyo usiku taa za chumba zikiwa zimezimwa inafika mara elfu kadhaa. Unaona mwenyewe kwa nini mpira ulikuwa unaonekana kama umefuliwa na jiki.

Tukapandisha taa za nyuma mpaka 100, ikawa 300 kwa 6, mara 50. Afadhali, lakini bado. Halafu tukavuta pazia zito nusu ya dirisha, ile nusu iliyokuwa inapiga skrini, simu ikashuka ikasoma laksi 300, weusi ukawa niti 2, na hapo 300 kwa 2 ni mara 150. Yaani pazia peke yake limezidisha mara 3, wakati rimoti ilizidisha mara moja na theluthi mbili basi, na pazia halili umeme wala halichoshi taa. Chumba hakikuwa giza, watoto walikuwa wanaendelea kuandika homuweki mezani.

Na kwenye hesabu hiyohiyo utaona kwa nini Brightness 85 ilikuharibia. Ukinyanyua weusi kwa niti 8 kwa mfano, sasa weusi wako ni 6 za chumba ukijumlisha 8 za kwako mwenyewe, 14, weupe haujaongezeka, kwa hiyo umejipunguzia kontrasti, yaani weupe kuushinda weusi, zaidi ya nusu kwa mkono wako. Hapohapo pia utaona kwa nini maneno ya dukani ya kontrasti elfu 5 kwa 1 hayana maana kwenye sebule kama yako mchana. Paneli nzuri ina weusi wa niti 0.06, paneli ya kawaida 0.3, ukijumlisha 6 kila upande hamna jicho litakalotofautisha. Tofauti yao utaiona usiku.

Hiyo ni nusu ya kwanza, mwanga wa kutawanyika. Nusu ya pili ni ile ya kuiona sura yako, na hii ni kitu tofauti kabisa, watu wanazichanganya. Hapa skrini inafanya kazi kama kioo cha kujitazamia, dirisha linapiga picha yake pale na unaiona ina kona zake na nondo zake. Dirisha linaloangalia anga la jioni linaweza kuwa na niti 4000, skrini ikirudisha asilimia 1 tu ya hiyo kama kioo, pale lilipo hilo dirisha kuna niti 40 za ziada, na kwenye skrini yenye kioo kisicho na koti la kuzuia mng'ao inarudi asilimia 4 hivi, yaani niti 160. Ukiwa na TV ya niti 300 hapo huwezi kushindana. Hii hairekebishiki kwa setingi, niamini, inarekebishika kwa pembe au kwa kuziba.

Namna ya kujua ni rahisi. Zima TV, kaa pale unapokaa siku zote, sio kusimama, kaa kwenye kochi lako. Angalia skrini nyeusi, kila unachokiona mle ndani ndo adui yako. Kama ukungu hauna umbo, ni wa kutawanyika, dawa yake ni kupunguza mwanga wa chumba kwa ujumla. Kama unaona umbo la dirisha, mlango wa balkoni au taa, mtu mmoja aende akaliwekee mkono wewe ukiwa umekaa umwambie ni kipande gani hasa, manake mara nyingi ni kipande kimoja tu cha dirisha kinachosumbua, sio dirisha zima, na hicho ndo cha kuzibwa.

Ukiwa na bracketi ya ukutani inayozunguka umepata bahati, kwa sababu ukigeuza TV nyuzi 10 tu picha ya dirisha inahama nyuzi 20, mwanga ukirudi unahama mara mbili ya ulivyogeuza. Nyuzi 10 hata mke wako hataona kama TV imekaa upande, lakini dirisha linaweza likawa limetoka kwenye skrini yote. Hata kuinamisha kichwa cha TV mbele nyuzi 5 kunasaidia, badala ya dirisha inaanza kuonyesha sakafu. Ila hapo angalia sakafu yenyewe, hizi marumaru nyeupe tunazopenda zinang'aa kama maji, jua likizipiga zinarusha mwanga wote kwenye skrini kutokea chini. Zulia la rangi iliyokolea mbele ya TV, hata mkeka mkubwa, sio urembo, ni sehemu ya setingi. Yule wa Kimara zulia lilikuwepo limekunjwa chumbani eti linachafuka.

Na shia nyeupe, hii inashangaza watu. Jua likiwa halijaipiga moja kwa moja inasaidia. Likiipiga moja kwa moja, shia yenyewe inageuka taa, kitambaa kizima kinawaka na kinatawanya mwanga kila kona, mara nyingine bora hata ungeiacha wazi. Kitambaa cha wavu cha rangi ya giza, kijivu cha mkaa au kahawia, kinakata mng'ao vizuri zaidi na nje bado unaona. Sijui kwa nini mafundi pazia wetu wanapenda kuuza nyeupe tu.

Dirisha la magharibi kwa Dar halina msimu wa mapumziko, tuko karibu na ikweta, jua linazama magharibi mwaka mzima, Juni linasogea kaskazini kidogo, Desemba kusini kidogo, basi. Saa 11 jioni linakuwa kama nyuzi 20 juu ya upeo wa macho, na kama juu ya dirisha lako ni mita 2.1 na sebule ina urefu wa mita 4.5, muale wa juu kabisa unagonga ukuta wa TV kama nusu mita kutoka chini, yaani kwenye meza. Saa 11 na nusu umepanda mpaka mita 1 hivi, na hapo ndo skrini inapoanzia. Mechi ya saa 11 kwa hiyo kipindi cha kwanza unavumilia, kipindi cha pili jua liko ndani ya TV. Likishagusa skrini moja kwa moja, laksi zinakuwa maelfu kwa maelfu, na hapo nakuambia ukweli hamna setingi duniani, ni pazia tu, tena usilizoee hilo jua, paneli inapata joto na ile karatasi ya plastiki ya mbele inachakaa. Kama siku moja utapanga upya sebule, ukuta wa kaskazini au kusini ndo wa TV, dirisha likiwa ubavuni. Usije ukaiweka chini ya dirisha lenyewe ukidhani umekwepa, macho yatakuwa yanaangalia anga nyuma yake na picha itaonekana giza hata ikiwa na niti 500.

Haya, sasa shika rimoti.

Kitu cha kwanza zima mambo ya kubana umeme, manake TV nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimebanwa. Samsung mpya utaenda General & Privacy, halafu Power and Energy Saving, ndani yake kuna Brightness Optimization. LG iko kwenye General, Energy Saving Step, iweke Off. Nyingine zinaiita Eco au Power Saving. Usipozima hii utapandisha taa mpaka 100 na mashine inazishusha kimyakimya. Kuna sensa ya mwanga pia, ile inayopunguza na kuongeza yenyewe, sio mbaya kwa nadharia, ila kawaida inakaa ukingo wa chini wa TV, na watu wameweka saundba pale mbele au kitambaa cha kudarizi, sensa inaona giza, inadhani ni usiku wa manane, inafifisha picha saa 9 mchana. Kama yako iko wazi na inafanya kazi, iache. Kama unaona picha inapanda na kushuka kila wingu likipita, zima.

Halafu toka kwenye Vivid. Najua inaonekana kali, lakini ukali wake mwingi ni wa bluu na wa kukuza rangi, nyasi zinakuwa kama rangi ya plastiki na jezi nyekundu zinavimba mpaka namba hazisomeki. Kwa mchana chagua Standard. Wataalamu wengi watakuambia Movie au Cinema saa zote, mimi siko hapo, mchana mwanga wa dirishani una ubaridi wake na Movie inaonekana ya njano kwenye chumba kile, macho yanakataa. Standard na Color Tone ya katikati inatosha kwa mpira.

Ndani ya hiyo Standard, taa ya nyuma peleka juu kabisa au 90. Brightness ya weusi irudishe 50. Contrast ishushe kutoka 100, rudi ilikotoka kiwandani kwa modi hiyo, au tumia mpira wenyewe kupima: tafuta mchezaji mwenye jezi nyeupe yuko juani, kama unaona mikunjo ya jezi uko sawa, kama jezi imekuwa karatasi moja nyeupe isiyo na mikunjo shusha hatua 5, 5 mpaka mikunjo irudi. Wavu wa goli nao mzuri kwa hilo. Ukiacha 100 hupati mwanga wa ziada wa maana, unachoma tu weupe.

Kama TV yako ina Local Dimming, ile ya kufifisha taa za nyuma sehemu sehemu, mchana iweke High, usiku utaishusha ukiona maandishi meupe yana ukungu kuyazunguka. TV nyingi za bei yetu hazina, usihangaike kuitafuta.

Setingi ambayo watu hawaigusi kabisa na ndo ingewasaidia ni Gamma. Hii haigusi weusi wa mwisho wala weupe wa mwisho, inagusa vilivyo katikati, vivuli hasa. Chukua sehemu yenye kivuli, ile nusu ya uwanja ambayo jukwaa limeifunika, tuseme kwenye picha ni asilimia 20. Gamma ikiwa 2.4, TV ya niti 300 inaitoa kwa niti 6 tu, sawasawa na mwanga wa chumba cha Kimara kabla ya pazia, kwa hiyo inazama. Kwa 2.2 inatoka niti 9 hivi, kwa 1.9 niti 14. Umeona? Wachezaji waliokuwa wanapotea kwenye kivuli wanarudi, na weusi hujauharibu. Hiki ndo kile ulichokuwa unakitafuta ulipopandisha Brightness. Mchana weka 2.2, jua likizidi 1.9 au 2.0. Ukikuta jina BT.1886 hiyo imetengenezwa kwa chumba chenye giza, iachie usiku. TV zisizoonyesha namba zitaonyesha -3 mpaka +3 au Low, Medium, High, wewe sogeza mpaka vivuli vifunguke, uso wa mtu mweusi aliyesimama kivulini ndo kipimo kizuri kuliko vyote, ukianza kuona macho na shavu simama hapo, ukiendelea picha inakuwa bapa.

Sasa macho kuuma usiku. Hiyo ni kwa sababu unatumia setingi za jua kwenye giza. Usizibadilishe kila siku, TV inahifadhi setingi kwa kila modi, kwa hiyo Standard ifanye ya mchana kama nilivyoeleza, halafu nenda Movie, Cinema au Filmmaker Mode, humo shusha taa ya nyuma mpaka 25 au 30, Gamma 2.4 au BT.1886, rangi ya joto, hiyo ndo ya usiku. Jua likizama unabadili modi tu, mibonyezo mitatu. LG nyingine zinakuwa nazo tayari zimeandikwa Expert (Bright Space, Daytime) na Expert (Dark Space, Nighttime), mtu kaishi nazo miaka 4 hajawahi kuzifungua. Na sio macho tu, stripu za taa zinazowashwa 100 usiku na mchana zinakufa mapema, ukipita kwa mafundi Kariakoo TV nyingi zilizopo mezani ni sauti ipo picha hamna, taa za nyuma zimeungua.

Angalizo moja, setingi hizi zinahifadhiwa pia kwa kila mlango. Ukiweka vizuri kwenye king'amuzi cha HDMI 1, ukienda YouTube ya ndani ya TV unaweza ukakuta ya zamani. Tafuta Apply Picture Settings na chagua All Sources, au jina linalofanana na hilo, isipokuwepo rudia kwa mkono.

Utakuja kuniuliza mbona filamu za Netflix zenye alama ya HDR zinakuwa giza mchana hata baada ya haya yote, nikujibu kabisa. Picha ya kawaida haisemi iwe na niti ngapi, inasema asilimia ngapi, kwa hiyo ukipandisha taa yote inapanda. HDR inataja niti zenyewe, hapa niti 5, pale niti 800, na ilipangwa kwa mtu aliyekaa gizani. TV ikianza HDR yenyewe inapeleka taa mwisho, kwa hiyo huna pa kupandisha tena. Kinachosaidia ni Dynamic Tone Mapping kuiwasha, kwenye nyingine ni HDR Tone Mapping iwe Active, na kama HDR yenyewe ni ya aina ya Dolby Vision chagua Bright usichague Dark. Zikigoma, kifaa cha kuchezesha kiweke kwenye SDR, yaani picha ya kawaida, mchana, na mimi hiyo ndo naitumia nyumbani kwangu kwa TV ndogo ya watoto, sijutii.

Ukimaliza yote na bado kuna maziwa, subiri usiku, zima taa za chumba uangalie. Maziwa yakibaki usiku, basi sio jua. Mara nyingi ni king'amuzi na TV hawajaelewana kiwango cha weusi, tafuta HDMI Black Level au Black Level upande wa HDMI, weka Auto, kama haibadiliki jaribu Low. Maziwa yakiisha usiku, basi ni chumba, rudi kwenye pazia.

Halafu futa skrini, vumbi na alama za vidole juani zinawaka zenyewe. Kitambaa cha maikrofaiba kilicholowa maji kidogo, TV ikiwa imepoa. Dawa ya kusafishia vioo vya dirisha usiiguse, inakula lile koti la kuzuia mng'ao na likishatoka halirudi, utakuwa umejitengenezea kioo cha saluni kwa mikono yako. Zile plastiki za kubandika za kuzuia mng'ao nazo nyingi za bei rahisi hazipunguzi mwanga, zinachukua dirisha lenye umbo na kulifanya ukungu usio na umbo. Unatoka tatizo la pili unaingia la kwanza.

Ukija kununua nyingine mbeleni, mwombe muuzaji azime TV, washa tochi ya simu, ielekeze kwenye skrini kutokea pembeni kidogo na uangalie inavyorudi. Doa dogo lenye makali na linaloumiza jicho, hiyo itakuonyesha dirisha lako. Doa hafifu la zambarau au bluu, ina koti zuri. Doa limetandazwa kama wingu kubwa jeupe, hiyo ni ya mati, itaficha sura yako lakini ukungu utaupata. Kwa dirisha lako mimi ningechukua ile hafifu, na ningemwambia aiwashe niangalie Backlight yake kwanza, TV za dukani zimewekwa Vivid na taa 100 zote, zinafanana.